Kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba inapopanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Benki Kuu ya Tanzania inapotangaza mnada wa hatifungani, maswali yale yale hunirudia, na mengi yanazunguka jambo moja: riba imepanda, mbona yangu imeshuka thamani? Nimeyakusanya hapa. Ili hesabu zifuatike kwa urahisi, mifano yangu inalipa kuponi, yaani riba iliyoandikwa kwenye hatifungani, mara moja kwa mwaka, ingawa hatifungani zetu za serikali hulipa kila baada ya miezi sita. Kanuni ni ile ile.

## Misingi

1. Ninaponunua hatifungani, ninanunua kitu gani hasa?

Unanunua orodha ya malipo yajayo. Chukua hatifungani ya serikali ya shilingi 1,000,000, kuponi asilimia 10, miaka 5. Karatasi hiyo inasema utapokea 100,000 kila mwaka kwa miaka mitano, na siku itakapoiva utapokea pia ile 1,000,000. Tarehe zinajulikana na viwango vinajulikana. Hakuna kinachobadilika humo hadi mwisho.

Hilo la mwisho ndilo ninaloomba ulishike, kwa sababu majibu yote yanayofuata yanatoka hapo. Kuponi imeshapigwa muhuri. Soko likitaka kubadilisha chochote, kilichobaki cha kubadilisha ni bei.

2. Riba ikipanda si ni habari njema kwa mwenye hatifungani? Kwa nini bei ishuke?

Ni habari njema kwa anayekwenda kununua kesho. Kwako uliyenunua jana haibadilishi kitu kwenye malipo yako, ila inabadilisha kile mtu mwingine atakachokubali kukulipa ukitaka kuuza.

Tuseme una hatifungani ya 1,000,000 yenye kuponi asilimia 10, na imebakiza mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha italeta 1,100,000. Leo serikali inauza mpya za mwaka mmoja zinazolipa asilimia 13. Unanifuata na kuniambia, "Nipe milioni yangu, chukua hii." Kwa nini nikubali? Milioni hiyo hiyo nikiipeleka mnadani itanirudishia 1,130,000, na wewe unaniahidi 1,100,000.

Lakini sitasema sitaki kabisa. Nitakuuliza: ni fedha kiasi gani, nikiiweka leo kwa asilimia 13, itafika 1,100,000 baada ya mwaka? Ni 1,100,000 kugawa kwa 1.13, yaani shilingi 973,451. Hiyo ndiyo bei nitakayokupa. Kwa bei hiyo, yako ya asilimia 10 na mpya ya asilimia 13 kwangu ni sawa. Ukitaka zaidi naenda mnadani, na ukiuza chini ya hapo wenzangu watakukimbilia na kuipandisha bei hadi irudi palepale.

3. Na ikiwa imebaki miaka mingi, hesabu inakwendaje?

Unafanya lile lile kwa kila malipo, moja baada ya jingine, kisha unajumlisha. Tuirudie hatifungani yetu ya miaka 5, kuponi 10, soko likitaka 13.

Ile 100,000 ya mwaka wa kwanza ina thamani ya 88,496 leo. Ya mwaka wa pili inagawanywa kwa 1.13 mara mbili, inakuwa 78,315. Ya tatu ni 69,305, ya nne 61,332. Mwaka wa tano unaleta 1,100,000, na ukiirudisha nyuma miaka mitano inabaki 597,036. Jumla yake ni takribani 894,483. Kwa lugha ya mnadani, ambako bei hutajwa kwa kila 100, hiyo ni 89.45.

Kwenye jedwali la kompyuta unaandika hivi na jibu linatoka lilelile:

```
=PV(0.13,5,-100000,-1000000)
```

Badilisha 0.13 iwe 0.10 utaona bei inarudi 1,000,000 kamili. Weka 0.07 utaona imepita milioni. Mimi humwambia kila anayeanza acheze na mstari huu kwa dakika kumi kabla ya kupeleka fedha popote.

## Kuponi na mavuno

4. Kuponi na mavuno vinatofautianaje? Wote wanasema "riba".

Neno "riba" limebeba mizigo miwili na ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Kuponi ni asilimia iliyoandikwa kwenye hatifungani, nayo inahesabiwa kwa kiasi kilichoandikwa pale, si kwa fedha uliyotoa. Mavuno ni kile ambacho fedha yako, hiyo uliyotoa mfukoni, inakuletea kwa mwaka ukishika hadi kuiva. Mavuno yanahesabu kuponi zote, tarehe zake, na tofauti kati ya bei uliyolipa na kiasi utakachorudishiwa.

Ukinunua kwa 100, kuponi na mavuno vinalingana. Ukinunua chini ya 100, mavuno yanazidi kuponi. Ukinunua juu ya 100, mavuno yanapungua chini ya kuponi.

Mfano ulio hadharani: Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa ili kununua sehemu ya deni lililokuwa linaiva Juni mwaka huo. Kuponi yake ni asilimia 9.75, lakini mavuno ya wanunuzi yalikuwa asilimia 10.375. Ukisikia namba hizo mbili tu, bila kuambiwa bei, tayari unajua kwamba iliuzwa chini ya 100.

5. Nikinunua kwa 894,483 na kupokea 100,000 kwa mwaka, mavuno si asilimia 11.18 tu?

Hiyo 11.18 inaacha kitu nje. Umelipa 894,483 lakini hatifungani ikiiva utapewa 1,000,000. Kuna 105,517 ya ziada inayokusubiri, na ukiigawa kwa miaka 5 ni kama 21,100 kila mwaka.

Njia ya haraka ya mkononi: chukua kuponi 100,000, ongeza 21,100, kisha gawa kwa wastani wa bei ya leo na kiasi cha mwisho, yaani 947,241. Unapata kama asilimia 12.8. Jibu kamili ni 13, kwa hiyo njia hii haiko mbali, nami huitumia nikiwa kwenye simu na dalali. Ukiwa na kompyuta, andika:

```
=RATE(5,100000,-894483,1000000)
```

6. Ile yenye kuponi kubwa zaidi si ndiyo bora siku zote?

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilisikia kwamba ile ya miaka 20 yenye kuponi ya 15.49 bado inapatikana kwenye soko la upili, ambako wenye hatifungani huwauzia wengine, wakati mpya za miaka 20 zilikuwa zimeshushwa hadi 12.10. Nikaona nimeokota dhahabu. Nililipa 118 kwa kila 100, yaani 11,800,000 kwa karatasi ya milioni kumi, ikiwa imebakiza kama miaka 18. Kichwani nilikuwa nahesabu asilimia 15.49 ya fedha yangu.

Nilipokaa na daftari nikaona mavuno yangu ni karibu asilimia 12.9. Kuponi ni kubwa kweli, 1,549,000 kwa mwaka, lakini ile 1,800,000 niliyolipa juu ya milioni kumi haitarudi siku ya kuiva. Sikuibiwa. Bei ilikuwa ya haki kwa soko la siku ile. Tatizo ni kwamba nilidhani nimenunua kitu kingine. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa dalali ni mavuno, kuponi nauliza baadaye.

7. Kipi kinatangulia, bei au mavuno?

Hakuna kinachotangulia, ni namba moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Ukijua bei unapata mavuno, ukijua mavuno unapata bei. Kwenye mnada wetu kuponi huwa imeshatangazwa na washiriki wanashindana kwa bei. Anayeandika 89.45 kwa ile ya swali la 3 amesema, kwa maneno mengine, "Mimi nataka asilimia 13." Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba mavuno yamepanda, umesoma kwamba bei zimeshuka.

## Muda uliobaki

8. Kwa nini hatifungani ndefu huumia zaidi?

Kwa sababu umejifunga na kuponi ndogo kwa miaka mingi zaidi, na mnunuzi atadai afidiwe kwa kila mwaka wa upungufu huo. Tuchukue kuponi 10 ya milioni moja, soko likipanda kutoka 10 hadi 13. Ikiwa imebaki miaka 2, bei inakuwa 949,957. Ikibaki miaka 5, ni 894,483. Ikibaki miaka 20, inaporomoka hadi 789,257.

Angalia hata hivyo kwamba ya miaka 20 haikuumia mara nne ya ile ya miaka 5, imeumia mara mbili hivi. Malipo ya mbali sana yana thamani ndogo leo tangu mwanzo, kwa hiyo hata yakipunguzwa hayavuti bei kwa nguvu sana. Lakini ukikadiria kwa ncha moja tu ya asilimia, kutoka 10 hadi 11, ile ya miaka 5 inapoteza kama 37,000 na ya miaka 20 karibu 80,000. Anayeweka ada ya shule ya mwaka kesho kwenye hatifungani ya miaka 20 anapaswa kuijua hiyo 80,000 kabla.

Na hapa nyumbani mabadiliko hayakuwa ya ncha moja. Hatifungani ya kwanza ya miaka 25 ilitoka 2021 ikiwa na kuponi ya 15.95. Mwaka 2022 zile mpya za muda huo zilishushwa hadi 12.56, na baadaye kuponi ikapanda tena hadi 15.75. Fikiria aliyenunua ile ya 12.56 kwa bei ya 100. Soko likitaka 15.75, na tukihesabu kwa malipo ya kila miezi sita kwa miaka 25 kamili, hatifungani yake ina thamani ya kama 80. Hajafanya kosa lolote na serikali haijachelewa kumlipa hata mara moja, ila akitaka kuuza, kila milioni yake ni laki nane.

9. Riba ikishuka kwa kiasi kile kile, napata faida sawa na ile hasara?

Unapata zaidi kidogo. Ile ya miaka 5: riba ikipanda kutoka 10 hadi 13 unapoteza 105,517, lakini ikishuka kutoka 10 hadi 7 bei inafika 1,123,006, faida ya 123,006. Mchoro wa bei na mavuno si mstari ulionyooka, umepinda, na kupinda huko kunamsaidia mwenye hatifungani pande zote mbili. Kwa mabadiliko madogo tofauti haionekani.

## Tayari ninayo mkononi

10. Mimi sitauza, nitasubiri iive. Je, nimepoteza?

Shilingi zilizoahidiwa utazipata zote. Bei yenyewe itapanda taratibu kuelekea 100 kadiri siku ya kuiva inavyokaribia, hata kama soko litabaki kwenye 13: kutoka 894,483 ikiwa imebaki miaka mitano, inakuwa 910,766 ikibaki minne, 929,165 ikibaki mitatu, 949,957 ikibaki miwili, 973,451 ikibaki mmoja, kisha milioni.

Lakini siwezi kukuambia kwamba hukupoteza kitu. Umekaa na asilimia 10 wakati jirani yako anakula 13. Hasara ya bei na huo upungufu wa kila mwaka ni kitu kile kile kilichohesabiwa kwa njia mbili. Swali la 11 linalionyesha hilo kwa namba.

Jambo la hatari ni pale "sitauza" inapogeuka kuwa "nimelazimika kuuza". Benki ya Marekani iitwayo Silicon Valley Bank ilikuwa imejaza amana za wateja kwenye hatifungani ndefu zilizonunuliwa riba zikiwa karibu na sifuri. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba mfululizo, na kufikia Februari 2023 ilikuwa asilimia 4.5 hadi 4.75. Karatasi zile zilikuwa salama kwa maana kwamba zingelipwa. Lakini wateja walitaka fedha zao. Tarehe 8 Machi 2023 benki ilitangaza kwamba imeuza hatifungani za takribani dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakatoa bilioni 42 kwa siku moja, na tarehe 10 benki ikafungwa. Mtu mmoja mwenye hatifungani ya miaka 25 na hana akiba nyingine ya dharura yuko katika nafasi inayofanana na hiyo, kwa kipimo chake.

11. Niuze ya zamani, hata kwa hasara, ninunue mpya yenye riba kubwa?

Tupige hesabu. Unauza ya zamani kwa 894,483 na fedha yote unaiweka kwenye mpya ya miaka 5 inayolipa 13 kwa bei ya 100. Sasa unapokea 116,283 kila mwaka badala ya 100,000. Umeongeza 16,283. Lakini mwisho wa miaka mitano utarudishiwa 894,483, si milioni. Umepungukiwa 105,517.

Sasa chukua zile 16,283 za kila mwaka, uziweke kwa asilimia 13 hiyo hiyo hadi mwisho wa mwaka wa tano. Zinafika takribani 105,517, shilingi kwa shilingi. Umezunguka na kurudi ulipoanza, ukiwa umeacha kamisheni ya dalali njiani. Sababu za kubadilisha zipo, kwa mfano ukihitaji kipato kikubwa zaidi kila mwaka sasa hivi, au ukitaka muda mfupi zaidi. Lakini "mpya inalipa zaidi" peke yake si sababu, kwa kuwa bei ya ile ya zamani imeshalipia tofauti hiyo.

## Mambo ya pembeni

12. Benki Kuu haijagusa riba yake, mbona bei za hatifungani zimeshuka?

Riba ya Benki Kuu inaongoza mikopo ya siku chache kati ya mabenki. Tanzania ilianza kuitumia Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huo. Anayenunua hatifungani ya miaka 20 anatazama mbali zaidi ya hapo. Anapima mfumuko wa bei wa miaka ijayo, kiasi ambacho serikali inakwenda kukopa, na fedha zilizopo mikononi mwa mabenki na mifuko ya pensheni siku ya mnada. Ikitangazwa minada mikubwa kuliko fedha iliyopo, wanunuzi wanaandika bei za chini, na mavuno yanapanda bila mtu kugusa riba ya Benki Kuu.

Bei pia inaweza kushuka kwa sababu soko limeanza kutilia shaka mkopaji mwenyewe. Dalili ya kutofautisha ni hii: hatifungani zote za muda unaofanana zikishuka pamoja, ni riba. Ikishuka ya mkopaji mmoja tu, wasiwasi ni juu yake, na hapo jibu la swali la 10 halikutoshi.

13. Dhamana za muda mfupi hazina kuponi. Mavuno yake yanatoka wapi?

Kwenye bei peke yake. Dhamana ya siku 364 ukiinunua kwa 92, ikiiva unapewa 100. Umepata 8 kwa fedha ya 92, ambayo ni takribani asilimia 8.7 kwa mwaka. Mavuno ya sokoni yakipanda, hakuna pengine pa kuyaonyesha isipokuwa bei kuwa chini ya 92.

14. Niliambiwa bei ni 89.45, mbona nimetozwa zaidi?

Kwa sababu muuzaji amekaa na hatifungani tangu kuponi iliyopita na siku hizo ni zake. Kuponi ya miezi sita ikiwa 50,000 na nusu ya kipindi imepita, unamlipa 25,000 juu ya bei, kisha kuponi nzima ya 50,000 inakuja kwako. Bei inayotajwa haina kipande hicho ndani yake, la sivyo ingekuwa inapanda kila siku na kuanguka kila siku ya kuponi hata kama soko limetulia. Kamisheni ni kitu kingine tena, uulize kando.

15. Nimenunua kwa mavuno ya 13. Nina hakika ya kupata 13?

Mavuno hayo yanachukulia kwamba kila kuponi unayopokea unaiweka tena mahali inapozaa 13. Ukinunua ile ya 894,483 na baadaye soko likashuka, ukawa unaziweka kuponi zako kwa asilimia 8, mwisho wa miaka mitano utakuwa na kama 1,586,660, na fedha yako itakuwa imekua kwa takribani asilimia 12.1 kwa mwaka.

Kwa hiyo kushuka kwa riba, kule kunakokupandishia bei ukitaka kuuza, kunakupunguzia upande wa kuponi ukiwa unazirudisha kazini. Kwa ile dhamana ya muda mfupi katika swali la 13 tatizo hili halipo hadi siku inapoiva, kwa sababu hakuna kuponi ya kurudisha.